Msaada: grafu ya filta inakata -3 dB kwenye 1.5 kHz kama nilivyopiga hesabu, lakini ishara ya 1 kHz inanifia

MotaInazunguka: Wakuu, habari za leo. Nina filta ya lo-pasi ya kusafisha ishara ya sensa ya mtetemo wa mota. Rezista ni 10 kΩ, kapasita 10 nF. Nataka kila kilicho chini ya 1.2 kHz kipite, kelele za juu zife. Fomula `f = 1/(2πRC)` imenipa 1.59 kHz. Nikapima kwa jenereta na osiloskopu, nikachora grafu, na mstari unakata -3 dB kwenye 1.5 kHz. Kati ya 1 kHz na 2 kHz umeshuka 5.7 dB, yaani karibu 6 kwa oktavu, kwa hiyo ni filta ya daraja la kwanza. Hesabu na grafu vimekubaliana. Shida ni kwamba ishara ya 1 kHz inatoka nusu ya ile ya 100 Hz. Nahisi kapasita ni feki na nipo mbioni kuagiza nyingine. Nichukue aina gani?

SautiNzito: Pole mkuu. Mimi nilihangaika hivyo hivyo na spika ya besi, kumbe nilikuwa nimegeuza nyaya. Geuza nyaya za sensa kwanza.

Kapasita47: Kugeuza nyaya kunageuza fezi tu, kimo cha wimbi kinabaki vile vile. Mleta uzi, umesoma sawa. Masafa ya mkato ni pale mstari unapopita -3 dB, na fomula imekubali. Kapasita nyingi za kauri zinapoteza thamani zikipewa volti, chukua za filamu.

BiMkubwaWaWaya: Kapasita47, una haki kuhusu kauri, lakini hapo kwenye -3 umemwacha njiani. -3 haisomwi kwenye namba za pembeni mwa grafu. Ni kushuka kwa 3 dB kutoka pale mstari ulipolala. Mdogo wangu, huko chini, kwenye 50 au 100 Hz, mstari wako umelala kwenye ngapi?

MotaInazunguka: Kwenye +6 hivi, dada. Mwishoni kuna amplifaya ya op-ampu yenye geini ya 2. Sikuitaja kwa sababu amplifaya haichuji kitu.

BiMkubwaWaWaya: Haichuji, ila imeunyanyua mstari wote 6 dB. Kwa hiyo unatafuta +3, siyo -3. Pale ulipoweka alama, ishara imeshapoteza 9 dB. Weka rula kwenye +3, nenda kulia mpaka uguse mstari, kisha shuka moja kwa moja usome masafa. Angalia na mistari ya chini: kutoka 100 kwenda 1000 inafuatana kama 200, 300, 400, na kila inayofuata imeisogelea zaidi iliyotangulia. Katikati ya 100 na 1000 ni kama 316, siyo 550. Wengi hupotelea hapo.

MotaInazunguka: Nimepata 600 Hz. Lakini dada, haiwezekani. Rezista nimezipima kwa mita, ni 10 kΩ. Fomula inasema 1.59. Bora niamini fomula, na bodi 50 zimeshachongwa.

MzeeWaKaratasi: Ndiyo tabu ya kuchonga bodi kabla ya kuchora. Sisi tulichora kwa mkono kwenye karatasi ya logi, nukta kwa nukta. Nukta moja ikikaa vibaya unaiona kabla hujatumia hata waya mmoja.

HesabuHaidanganyi: Samahanini, mimi naona hii ni chai. Rezista moja na kapasita moja zenye mkato wa 1.59 kHz zinapoteza 1.4 dB tu kwenye 1 kHz. Yeye anasema nusu, ambayo ni 6 dB. Kapasita feki ikishusha mkato hadi 600 Hz, basi kwenye 20 kHz angepoteza kama 30 dB. Mleta uzi, tupe namba za 10 na 20 kHz. Ukishindwa, tufunge uzi.

MotaInazunguka: Mkuu, nilichokileta hapa ndicho nilichopima. Nimeingiza 1 V. Kwenye 10 kHz nimepata -26.6, kwenye 20 kHz -38.

HesabuHaidanganyi: Umeona? Kutoka +6 hadi -38 ni 44 dB. Daraja la kwanza lenye mkato wa 600 Hz haliwezi kuifikisha huko. Ama umetunga, ama kuna kitu hujasema.

BiMkubwaWaWaya: Hajatunga. 10 hadi 20 kHz ni oktavu moja, na imeshuka 11.4 dB. Hiyo ni karibu 12, mteremko wa daraja la pili. Mdogo wangu, ziko steji ngapi?

MotaInazunguka: Mbili. Zinafanana, nimeziunganisha moja baada ya nyingine, halafu amplifaya. Niliandika thamani za moja kwa kuwa ni zile zile. Niliweka mbili ili kelele zife haraka, na bado naona ni uamuzi sahihi.

BiMkubwaWaWaya: Sasa kila namba imepata pa kukaa. Steji ya pili inanyonya mkondo kutoka ya kwanza, kwa hiyo hazifanyi kazi kama filta mbili za 1.59 kHz. Kona zimeachana: moja imeshuka kwenye 608 Hz, nyingine imepanda hadi karibu 4.2 kHz. Wewe ulipima mteremko kati ya 1 na 2 kHz, katikati ya kona hizo, ambako ni kona moja tu inayovuta. Ndiyo maana ulikuta karibu 6. Mteremko wa mwisho upime mbali na kona zote, ambako kila oktavu inashuka kiasi kile kile. Na 1.5 kHz yako kukaribia fomula ilikuwa sadfa tu.

Kapasita47: Basi aweke bafa kati ya steji, mkato utarudi 1.59.

BiMkubwaWaWaya: Hautarudi. Ukiweka bafa, kila steji inapoteza 3 dB kwenye 1.59 kHz, jumla 6. Kupoteza 3 kutaangukia karibu 1.02 kHz, na yeye anataka 1.2 ipite.

MotaInazunguka: Bodi siwezi kuzitupa, dada. Nilikuwa nafikiria niongeze geini tu ifidie.

BiMkubwaWaWaya: Geini inanyanyua mstari wote, kona inabaki palepale. Usitupe bodi. Mguu wa kapasita ya kwanza ulioko graundi, ukate, uuvushe kwa waya hadi kwenye pato la op-ampu. Ya pili iache ilipo. Halafu punguza geini iwe karibu 1.59. Kama geini ya 2 umeipata kwa rezista mbili za 10 kΩ, ile ya kutoka pato kurudi kwenye mguu wa minasi weka 5.6 kΩ. Hiyo ni Butterworth, filta ambayo mstari wake unalala bila nundu kabla ya kushuka, kwa vitu vile vile. Ukiiacha 2, mstari utapanda nundu ya zaidi kidogo ya 1 dB karibu na 1.1 kHz kabla ya kushuka.

MotaInazunguka: Nimefanya bodi moja. Mstari umelala kwenye +3.9, na +0.9 nimeipata karibu na 1.55 kHz. 1 kHz inapita vizuri. Ila kitu kimoja: baada ya 50 kHz mstari hauteremki tena, umelala kama kwenye -55. Filta imeishiwa nguvu?

HesabuHaidanganyi: Naondoa neno chai. Hiyo -55 ni chini ya 2 mV, huenda unapima kelele za osiloskopu yenyewe. Zima jenereta usome tena. Ikibaki -55, grafu iishie hapo.

BiMkubwaWaWaya: Ikishuka ulipozima, basi ni ishara inapenya kupitia ile kapasita uliyoivusha, maana huko juu pato la op-ampu linaanza kulegea. Zima kwanza, utuletee namba.