Naomba ushauri: nimeediti picha ya rafiki yangu, nimuulize kwanza au niposti tu?

Wadau habari zenu, naombeni mawazo. Nina picha tumepiga mimi na shoga yangu, nimetoka poa ila mwanga ulikuwa mbovu, sasa nikaanza kuediti. Kupandisha mwanga sioni shida maana hapo narekebisha picha, simrekebishi mtu. Chunusi moja ya kwenye paji nikaifuta, wiki ijayo haitakuwepo hata hivyo.

Shida ilianza nilipoweka filta ya kulainisha ngozi, ile inashika sura zote mbili kwa mpigo, ikafuta na kovu lake la shavuni, uso ukawa mweupe kuliko shingo yake. Nikijaribu kumpunguza kiuno kidogo fremu ya mlango nyuma yake inapinda, yaani mtu akikodoa macho anajua tu. Hilo la kiuno nimerudisha lilivyokuwa, lakini kovu bado nawaza.

Maana sijawahi kumsikia akilalamikia lile kovu, picha zake mwenyewe anaposti nalo linaonekana vizuri tu. Nikilifuta si ni kama namwambia linanikera? Na watu wakianza kukomenti "umependeza leo" yeye atajisikiaje? Kwa upande mwingine nikiacha yeye hivyo halafu mimi nimelainishwa naona kama namchoresha.

Nafikiria kumtumia zote mbili inboksi, ya orijino na iliyoeditiwa, achague mwenyewe, ila naogopa ile ya pili yenyewe itamuumiza. Au nimtumie orijino tu nimuulize anataka iguswe wapi? Mngekuwa nyie mngefanyaje?