Mbegu ngumu za mkrismasi: kukata gamba, maji ya moto au asidi?

Mche_Kwanza: Wadau, nina mbegu 600 za mkrismasi, kavu, ngumu kama changarawe. Nililoweka 20 kwenye maji ya baridi siku mbili, ikafura moja tu. Nitumie njia gani?

Kitaluni: Shida iko kwenye gamba, halipitishi maji. Zilizobaki zingekaa udongoni miezi bila kuota. Kwa mbegu chache hakuna kinachoshinda kikata kucha. Tafuta kitovu, kile kidoa mbegu iliposhikana na ganda, kisha ukate ncha ya upande wa pili. Mzizi huchomozea karibu na kitovu, ukikata hapo unauumiza. Ukiona weupe chini ya kahawia, acha. Loweka usiku kucha. Mbegu iliyokatwa vizuri huamka imefura, karibu mara mbili ya ilivyokuwa.

BabaViriba: Mbegu 600 kwa kikata kucha? Vidole vitakoma! Chemsha maji, zima moto, mimina mbegu, basi.

Kitaluni: Maji yanafaa, ila kipimo ndicho kinachoharibu watu. Weka kikombe kimoja cha mbegu kwa vikombe kumi vya maji. Maji yakiwa kidogo hupoa upesi, gamba linabaki lilivyo. Sufuria ikirudi motoni na mbegu ndani, umepika maharage. Ziache humo hadi kesho yake, uchague zilizofura uzipande siku hiyohiyo. Zilizobaki ngumu kata kwa mkono, kwa hiyo huna 600 za kukata tena.

Fundi_Shamba: Asidi ya betri ni haraka kuliko zote. Dakika 20, umemaliza.

Kitaluni: Asidi ya salfa inafanya kazi kweli, ila ile kali isiyochanganywa. Ya betri imeshapunguzwa kwa maji mengi, kwa hiyo dakika 20 haitakufikisha popote. Ile kali nayo si ya kuchezea nyumbani: ukiimwagia maji inachemka na kukurukia.

Mama Mukau: Mimi nimekata mbegu za mti wa mukau hivyohivyo, hazioti. Kwa nini?

Kitaluni: Mukau ni habari nyingine, dada. Pasua kwanza kokwa utoe mbegu bila kuivunja, kata kidogo kwenye ncha iliyochongoka, loweka usiku, kisha chana gamba kwa urefu kabla ya kupanda mchangani. Usiihamishie njia hiyo kwenye mkrismasi.

BabaViriba: Na mbegu mbichi, zilizotoka tu kwenye ganda? Mimi nazimwagia maji ya moto vilevile.

Kitaluni: Hapo sikubaliani. Gamba halijakaza bado, joto linaweza kufika kwenye kiini. Ningejaribu maji ya baridi kwanza.

BabaViriba: Zangu zinaota.

Mche_Kwanza: Zangu ni za msimu uliopita. Nitakata 50, 50 nizimwagie maji ya moto, kabla ya kugusa nyingine.

Kitaluni: Sawa, ila usizichanganye bakuli. Maji yakianza kunuka, badilisha. Zinazobonyea na kutoa uji zimeoza, zitupe.