Tupeane uzoefu: asubuhi na jioni unaupaka nini uso wako, na nini uliamua kuacha?

Mwandika Lebo
Wadau, habari zenu. Niko kwenye kampuni ndogo ya vipodozi, na mimi ndiye ninayeandika maneno ya kwenye boksi na ile karatasi inayokunjwa ndani yake. Inatakiwa karatasi mpya ya hatua za asubuhi na jioni, rahisi kiasi kwamba hata mwenye usingizi azifuate. Rasimu niliyopewa ina hatua 9 na ahadi ya "ngozi mpya ndani ya siku 7". Nimeigomea, maana hiyo ngozi mpya niliwahi kuitafuta mwenyewe.

Nilikuwa na sabuni ya povu, tona, seramu ya vitamini C na krimu. Jioni naongeza skrabu, halafu asidi, halafu retinoli. Mwezi wa pili uso ukawa unang'aa kama kioo lakini ukiugusa unakwaruza, na hata maji matupu yakawa yananichoma. Vipele vidogo vikatoka mashavuni, mahali ambapo sikuwahi kuwa na chunusi. Nikajiambia uchafu unatoka, nikaongeza asidi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Niliacha vyote, nikabaki na sabuni laini ya uso, krimu isiyo na manukato na kinga jua. Kuchoma kulianza kupungua ndani ya wiki moja, lakini ilichukua kama wiki 5 mpaka nikaweza kupaka krimu bila kuisikia. Mpaka leo asubuhi ni maji, krimu, kinga jua. Jioni ni kuosha na krimu. Nyie je?

Ndevu Tatu
Mimi ni mwanaume, sabuni ya kuogea ndiyo hiyo hiyo inafika usoni. Uso ukikaza baada ya kuoga najua umetakata. Swali langu ni vipele vya shingoni baada ya kunyoa, kuna krimu mnayouza?

Mwandika Lebo
Kaka, sijaja kuuza, na vipele vya kunyoa sina ujuzi navyo.

Mchanganya Krimu
Nimefanya kazi ya kutengeneza krimu miaka kadhaa. Ndevu Tatu, huko kukaza si kutakata. Sabuni nyingi za kipande ni kali kuliko ngozi inavyopenda, zinaondoa uchafu pamoja na mafuta yanayoshikilia maji ndani. Jaribu hivi: osha uso, ufute, usipake chochote kwa nusu saa. Ukiona unavuta unapotabasamu, sabuni hiyo haikufai usoni, hata kama mwilini haikusumbui. Vipele vya kunyoa mara nyingi ni nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Nyoa kufuata zinakoota, na usizikate chini mno. Krimu peke yake haitavimaliza.

Mleta mada, krimu ipakwe uso ukiwa bado na unyevunyevu, dakika chache tu baada ya kuosha. Watu wanasubiri ukauke kabisa, halafu wanalalamika krimu haifanyi kazi.

Binti Kivuli
Naona mnasisitiza kinga jua. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna melanini, kinga tumezaliwa nayo. Nyingine zinatuacha na uso wa majivu tu.

Madoa Sugu
Dada, kuhusu majivu tuko pamoja, nimetupa mbili kwa sababu hiyo. Kuhusu melanini umesema nusu. Inatusaidia tusiungue haraka, lakini doa la chunusi kwenye ngozi yetu linakolea likipigwa na jua na linachelewa kufifia. Mimi nilikuwa na madoa ya kidevuni kwa mwaka mzima huku nikipaka kinga jua kila siku, nikaamini haisaidii.

Siku moja nikapiga hesabu. Tyubu yangu ilikuwa ya mililita 50 na ilidumu zaidi ya miezi 4. Kwa uso na shingo wanashauri ukamue mistari miwili kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka chini mpaka ncha. Hiyo ni kama mililita moja na kidogo. Kwa kipimo hicho tyubu inatakiwa iishe kwa mwezi na nusu hivi. Kumbe nilikuwa napaka theluthi moja! SPF iliyoandikwa pale juu hupimwa kwa tabaka nene, ukipaka utando hupati namba hiyo. Nilipoanza kupaka vidole viwili, madoa yalififia taratibu kwa miezi mitatu, minne. Hayakuisha yote, nisiwadanganye.

Mpenda Namba
Basi tumia SPF 50, inakinga karibu mara mbili ya 30, hata ukipaka kidogo umepona.

Mchanganya Krimu
Hapana mkuu. Ikipakwa vizuri, 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza na 50 kama asilimia 98. Ni kweli kwamba kwa anayepaka kidogo, 50 inampa nafuu, ila kidogo kinabaki kidogo. Na ukishinda nje, unarudia kila saa 2.

Binti Kivuli, tafuta zenye rangi ya kahawia. Oksidi ya chuma inayoleta rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Tatizo ni kupata rangi inayofanana na yako, na hapo kampuni nyingi bado zinatuangusha.

Binti Kivuli
Nitajaribu. Sijashawishika kwa siku ambazo nakaa ndani.

Mama Usiku
Jioni mimi huosha mara mbili nikiwa nimepaka mekapu, mafuta kwanza halafu sabuni. Bila mekapu mara moja inatosha. Retinoli nilianza kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku 2 kwa wiki, juu ya krimu ili isinikaushe. Nilipopata ujauzito niliiacha, na kwenye karatasi yako hilo liandike kwa herufi zinazosomeka. Vipele vilinitoka mwanzoni. Nilijuaje si kuungua? Vilitoka palepale ninapopataga chunusi, na ngozi haikuwa inachoma. Vyako mleta mada vilitoka mahali pageni na vilichoma.

Mpenda Namba
Na asubuhi kuosha kwa maji tu si uchafu? Usiku unatoka jasho.

Mama Usiku
Ngozi yangu kavu, maji yananitosha. Dada yangu ana ngozi ya mafuta, asipotumia sabuni asubuhi, saa nne tu uso unateleza.

Mwandika Lebo
Nitaandika hivyo: maji, au sabuni laini kama ngozi yako ni ya mafuta. Mchanganya Krimu, kuhusu madai. Wanataka niandike "hutibu chunusi".

Mchanganya Krimu
Usithubutu. Kutibu ni kazi ya dawa. Krimu yenu ina nini?

Mwandika Lebo
Gliserini, mafuta ya alizeti, niasinamidi kidogo.

Mchanganya Krimu
Basi andika "hulainisha ngozi kavu na kuisaidia kutunza unyevu". Ongeza kwamba mtu aijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara 2 kwa siku kwa wiki nzima, na asianze kitu kingine kipya wiki hiyo. Akivimba au akitoa malengelenge aache, aende kwa daktari wa ngozi.

Mwandika Lebo
Nimeipeleka. Jibu la bosi: "Hii inauza kweli?" Sijamjibu bado.

Ndevu Tatu
Nimefanya lile jaribio la nusu saa. Unavuta mpaka masikioni.