Kefiri kwenye joto la Dar: chupa ya pili ikae nje au kwenye friji?

MamaZai_Tabata
Habari zenu wapendwa. Mbegu zangu za kefiri ziko hai na zinazaliana vizuri tu, shida ni kinywaji chenyewe. Naweka mbegu kwenye maziwa usiku, kesho yake jioni nachuja, halafu natia kwenye chupa na vipande vya embe naacha mezani mpaka asubuhi. Inatoka kali mpaka inatia meno ganzi na gesi hakuna, ukifungua inasema tss basi. Wifi yangu akishachuja anapeleka chupa moja kwa moja kwenye friji na ya kwake ni laini halafu inachoma choma ulimi kama soda. Sasa kipi bora, nje au friji? Na kwa nini yangu iliyokaa kwenye joto ndo haina gesi?

mzee_wa_mtindi
Mwanangu mbona kazi yote hiyo, chukua kijiko cha mtindi wa jana tia kwenye maziwa ya uvuguvugu, funika, asubuhi umeganda. Mimi miaka yote ndo hivyo na familia inakunywa.

MamaZai_Tabata
Shikamoo mzee, mtindi najua kutengeneza, hapa naulizia kefiri ya mbegu, zile kama vichwa vya koliflawa vidogo vidogo.

chachu_ya_Ilala
MamaZai, tatizo halijaanzia chupa ya pili, limeanzia ya kwanza. Usiku mpaka kesho jioni ni kama masaa 20 na jikoni kwetu ni nyuzi 30, hiyo ni nyingi mno. Yale masaa 24 unayoyasoma kila mahali ni ya watu ambao nyumba zao zina nyuzi 20 hivi. Ndani ya mbegu kuna bakteria wanaotoa asidi na kuna hamira inayotoa gesi, wanaishi pamoja, ila kwenye joto bakteria ndo wanakimbia mbele. Bila shaka ukija kuchuja unakuta maji ya kijani kijani yamejitenga na mabonge yako peke yake, hapo ukali umeshapanda, na ukiiacha tena mezani usiku kucha unaongeza ukali juu ya ukali.

Fanya hivi: mbegu kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa nusu lita ya maziwa, usizidishe, maana mbegu nyingi kwenye maziwa kidogo zinamaliza kazi haraka kabla hujaamka. Weka saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi inamisha chupa uangalie. Kama maziwa yamekuwa mazito yanabanduka ukutani kwa pamoja, na huku chini ndo vimeanza kuonekana vidimbwi vidogo vya maji, chuja hapo hapo. Kama bado ni majimaji ipe masaa mawili matatu uangalie tena.

Halafu gesi. Gesi yako inatengenezwa ila inatoroka, karibu nina uhakika unatumia chupa ya mdomo mpana, ile hata ukikaza vipi inavuja. Tafuta chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita, ioshe vizuri, jaza uache nafasi ya vidole viwili juu, kaza kifuniko. Ukiacha nusu tupu gesi inakaa kwenye hiyo nafasi, haiingii kwenye kinywaji. Uzuri wa plastiki unaibonyeza tu: ikiwa ngumu haibonyei, tayari, ipeleke friji masaa kadhaa kabla ya kufungua. Kinywaji cha moto hakishiki gesi, ukifungua mezani yote inaondoka mara moja. Chupa za kioo za juisi, zile za pembe nne, msitumie kabisa, zinaweza kupasuka na kioo kikaruka usoni kwa mtu.

Kibz_Nairobi
Sasa huku Nairobi kuna baridi hiyo ya masaa kumi haitoshi, mimi huwa nangoja hata siku moja na nusu. Lakini si hii kuchachusha mara ya pili ndiyo hutoa ukali? Mimi nikiweka ganda la ndimu inakuja tamu kabisa, nadhani asidi inaisha. Na mbegu mimi huziosha na maji ya mfereji kila mara ndio zisinuke.

chachu_ya_Ilala
Kibz kwenye ladha uko sawa, kwenye sababu hapana. Asidi haipungui, inaongezeka kidogo kidogo, ila harufu ya ganda na ile gesi zinafanya ulimi usiusikie ukali sana. Ndo maana friji ya wifi inashinda meza ya MamaZai: baridi inawapunguza bakteria sana, hamira nayo inapungua ila inaendelea taratibu, kwa hiyo siku moja au mbili unapata gesi bila ukali mwingi kuongezeka. Ukitaka haraka acha nje masaa manne mpaka sita tu ndo uingize friji, na hapo tunda au kijiko cha sukari kinasaidia maana hamira nyingi za kefiri hazili sukari ya maziwa yenyewe. Embe lina sukari nyingi, nje usilale nalo. Ganda la limao likwangue sehemu ya njano tu, ile nyeupe inaleta uchungu, na ulitoe baada ya masaa machache.

Kuosha mbegu acha, maji ya bomba yana klorini. Hazihitaji kuoshwa, zichuje uzirudishe kwenye maziwa mapya.

Kibz_Nairobi
Sawa nitajaribu bila kuosha. Lakini chujio la chuma si linaziua?

chachu_ya_Ilala
La chuma kisichoshika kutu halina neno. Kinachokatazwa ni kuzilaza kwenye sufuria ya aluminiamu, asidi inaila ile sufuria.

Binti_Unguja
Asalaam aleikum. Naona mnazungumzia hamira na gesi, je kilevi hakipo humo? Nyumbani wanakunywa watoto.

chachu_ya_Ilala
Waaleikum salaam. Kipo kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na kinaongezeka ukitia sukari ukafunga chupa ukaiacha kwenye joto. Ya watoto inywe ile iliyochujwa tu, bila chupa ya pili.

mzee_wa_mtindi
Hata mkate wa hamira una hicho kidogo, hakuna ubaya.

Binti_Unguja
Mzee mkate unaingia kwenye moto, hii inanywewa hivyo hivyo. Nitamuuliza sheikh kwanza.

MamaZai_Tabata
Kweli ni mdomo mpana, umejuaje! Swali jingine, mwezi ujao naenda Moshi wiki tatu, mbegu nimwachie nani?

Kibz_Nairobi
Weka tu friji kwa maziwa, yangu ilikaa hivyo ikarudi sawa.

chachu_ya_Ilala
Friji kwa maziwa mapya ni kama wiki moja mpaka mbili, ukizidisha zinakaa na njaa. Wiki tatu bora zigawe: nusu ziache friji na mtu abadilishe maziwa kila wiki, nusu zigandishe. Za kugandisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa (hapa tu ndo kuosha kunafaa), zikaushe kwa kitambaa safi, zipake maziwa ya unga, mfukoni, friza. Ukirudi maziwa ya mwanzo yatanuka hamira na yatachelewa kuganda, mwaga, badilisha kila siku, zikikaa sawa ndo unywe. Kuchelewa sio kufa. Ukiona rangi ya pinki au ukungu wenye manyoya, hizo tupa zote usijaribu kuziokoa.

MamaZai_Tabata
Na maziwa ya boksi yale ya kukaa muda mrefu au ya ng'ombe ya kuchemsha, zipi zinapenda?

chachu_ya_Ilala
Zangu zinanenepa zaidi kwenye ya ng'ombe, niyachemshe yapoe kabisa.

Kibz_Nairobi
Zangu ni boksi tu na zimejaa mpaka nagawia majirani.