Naomba ushauri: skrini ikigawanywa kitufe cha Hifadhi kinapotea, nizime kabisa?

Pazia_Jeupe (mleta mada)
Wakuu, leo siku ya tatu nimekwama. Nina programu ya masomo ya Android: juu video, katikati sehemu ya kuandika madokezo, chini kabisa kitufe cha Hifadhi. Ikijaza skrini iko safi. Mtumiaji akigawa skrini ili afungue na kamusi, video inameza nafasi yote, sehemu ya kuandika inabaki kama ufa na kitufe hakionekani. Watu wanaandika halafu hawana pa kuhifadhia. Nafikiria kuweka `resizeableActivity="false"` yaishe. Kuna madhara?

Kauzu
Weka tu mkuu. Mimi niliweka zamani na nimepumzika. Mtu akijaribu kugawa, simu inamwambia programu haikubali, basi.

TumbaLaChuma
Yangu ilikuwa ile ya picha ndani ya picha. Video ikiingia kwenye kidirisha kidogo inaganda. Nilihangaika wiki nzima, kumbe nilikuwa naisimamisha ndani ya `onPause`, na mfumo unaita `onPause` unapoingia kwenye kidirisha ingawa video bado inaonekana. Nikahamishia `onStop`, ikatulia. Hebu angalia na wewe.

Pazia_Jeupe
Asante, ila yangu haigandi. Inacheza vizuri, tatizo ni ukubwa.

FundiDirisha
Kauzu yuko sahihi kwa simu za kawaida tu. Tangu Android 12, kwenye skrini ambayo upande wake mfupi unafika 600dp, mfumo unaruhusu programu igawane skrini hata kama umekataa. Ukilenga API 36, Android 16 kwenye skrini hizo hailisikilizi kabisa tamko hilo, labda uombe msamaha maalumu, nao ni wa muda. Kwa hiyo wenye vishikwambi na simu za kukunja watakurudia na malalamiko yale yale.

Urefu wa video unaupata wapi? Na tuwekee Logcat inasema nini skrini ikiwa imegawanywa.

Pazia_Jeupe
Video ni asilimia 40 ya urefu wa skrini. Hii hapa, simu nimeishika wima, programu yangu iko juu na nimevuta kigawanyi mpaka ikabaki kama theluthi:

```
realHeight=2400 screenWidthDp=411
screenHeightDp=286 orientation=2
```

ShahidiWaPili
Hii chai. Simu umeishika wima, halafu `orientation=2`, yaani mlalo? Urefu 2400, mstari wa pili 286? Mtu katunga namba ili apate wachangiaji.

Kauzu
Duh, kweli. Mkuu unatupiga kamba?

Pazia_Jeupe
Nitunge ili nipate nini? Nimenakili kama ilivyo. Mimi mwenyewe hiyo orientation sikuielewa, ndiyo maana sikuitaja mwanzoni.

FundiDirisha
Si chai, na ni vizuri mmeishuku kwa sababu jibu limekaa humo humo. `orientation` haisemi simu umeishikaje. Inalinganisha upana na urefu wa dirisha ulilopewa. Dirisha la 411 kwa 286 ni pana kuliko lilivyo refu, kwa hiyo ni mlalo, hata simu ikiwa imesimama wima. Programu nyingi zinachukua mpangilio wa `layout-land` katikati ya simu wima kwa sababu hiyo, na mwenye programu anadhani kichaa kimeingia.

Sasa ile 2400. Hiyo ni kioo kizima kwa pikseli. Kwa simu yako dp moja ni pikseli 2.625, kwa hiyo dirisha lako la 286dp lina pikseli kama 750. Asilimia 40 ya 2400 ni 960. Video peke yake ni ndefu kuliko dirisha zima! Kitufe kipo, ila kimesukumwa nje.

Hiyo 2400 unaipima lini? Na kwenye AndroidManifest.xml, `configChanges` imeandikwa nini?

Pazia_Jeupe
Sawa. Naipima mara moja programu inapowaka, ndani ya darasa la Application, naitunza kwenye kigeu tuli. Na manifesti ina hii:

```xml
android:configChanges="orientation|screenSize|
    smallestScreenSize|screenLayout"
```

Sikuisema kwa sababu niliona haihusiki. Niliiweka makusudi: bila hiyo, kila mtu akivuta kigawanyi video inaanza upya na madokezo yanafutika. Sitaitoa.

KalamuNyekundu
Hapo ndipo unapokosea, ndugu. Madokezo yakifutika dawa yake ni kuyatunza. Sehemu ya kuandika yenye `android:id` hutunza maandishi yake yenyewe Activity inapojengwa upya. Yako ina id?

Pazia_Jeupe
Naiunda kwa msimbo. Haina.

KalamuNyekundu
Basi umeziba dalili. Siku mfumo ukiiua programu ikiwa nyuma kwa uhaba wa memori, `configChanges` haitakuokoa, na hata ViewModel haivuki hapo. Ipe id isiyobadilika, na uhifadhi madokezo mtu anapoandika, usimsubirishe kitufe.

FundiDirisha
Kuhusu id nakubaliana. Kuhusu kuitoa `configChanges` sikubaliani, kwa programu ya video ina sababu halali. Lakini ukishaiandika umeuambia mfumo "usinijengee upya, mabadiliko ya ukubwa nitayashughulikia mwenyewe". Wewe umechukua ahadi, kazi hukuifanya. Namba ya asubuhi inaendelea kutawala dirisha la jioni.

Hata msimbo mwingi hauhitaji. Tupa kigeu tuli, weka skrini yako ndani ya ConstraintLayout, na uiambie video ichukue sehemu ya mzazi wake:

```xml
android:layout_height="0dp"
app:layout_constraintHeight_percent="0.4"
```

Kitufe kifunge chini kwa mzazi, na sehemu ya kuandika ijaze kilichobaki kati yao. Dirisha likibadilika vipimo vinafanywa upya bila Activity kufa, na kwenye pikseli 750 video itakuwa 300. Ukilazimika kupima kwa msimbo, tumia `WindowMetricsCalculator` na umpe Activity, kila mara unapohitaji.

TumbaLaChuma
Angalizo kwa asilimia hizo: kwenye kidirisha cha picha ndani ya picha video nayo itakuwa asilimia 40 ya kidirisha, na madokezo yatabanana chini yake. Ficha vingine vyote kwenye `onPictureInPictureModeChanged`, video uipe asilimia 100, ukirudi uvirudishe.

Pazia_Jeupe
Nimejaribu. Theluthi: kitufe kinaonekana, video ni ndogo ila inasomeka. Id nimeweka. Namba ya 2400 nimeifuta, na `false` sijaiweka. Kilichobaki: programu ikiwa nusu ya chini, kibodi ikifunguka inakaribia kuficha kila kitu. Nifiche video mtu akianza kuandika?

KalamuNyekundu
Usifiche. Anaandika kile anachokitazama.

FundiDirisha
Mimi ningeificha picha na kuacha sauti, lakini chini ya 480dp za urefu tu. Wape watumiaji wawili watatu uone mikono yao inaenda wapi.

ShahidiWaPili
Nimegawa skrini kwenye simu yangu, nimevuta kigawanyi, nikaisoma `orientation`. Imetoka 2. Nafuta neno langu.

Kauzu
Nimeazima kishikwambi nikafungua programu yangu yenye `false`. Imegawanyika vizuri tu, na menyu imekaa juu ya orodha. FundiDirisha, bado upo?