Nimeirahisisha katiba ya kikundi, sasa inasema mambo ambayo hatukukubaliana. Naomba ushauri

Katibu_Wa_Kikundi: Habarini wadau. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 24. Katiba ina lugha nzito, mwenyekiti akaniomba niiandike upya ili kila mmoja aielewe. Ibara ya mkopo ilikuwa hivi:

"Mwanachama hatapewa mkopo isipokuwa awe ameweka akiba kwa muda usiopungua miezi 3. Marejesho yafanyike ndani ya siku 30 tangu siku ya kupokea fedha."

Nikaandika: "Mwanachama akishaweka akiba zaidi ya miezi 3 anapewa mkopo, na ataurudisha ndani ya mwezi mmoja."

Juzi mama mmoja aliyefikisha miezi 4 amekuja kudai mkopo wake, na mfuko kwa sasa hauna kitu. Ananionyesha maandishi yangu mwenyewe, na kweli yanampa haki. Nimekosea wapi? Na nitajuaje kama ibara nyingine ziko salama?

Mzee_wa_Pwani: Mpeni nusu ya mkopo mgogoro uishe, mwanangu. Mambo ya kikundi ni kuvumiliana.

Katibu_Wa_Kikundi: Shikamoo mzee. Yeye tumeshaelewana, atasubiri. Ninachoulizia ni maandishi.

Kalamu_Nyekundu: Hesabu maneno ya kukanusha. Ya zamani ina "hatapewa", "isipokuwa" na "usiopungua". Yako haina hata moja. Hesabu zikilingana, maana ipo.

Mhariri_Mikataba: Kalamu, kuhesabu kunakuonyesha pa kutazama, lakini hakuthibitishi kitu. "Usiopungua miezi 3" naweza kuiandika "kuanzia miezi 3": kanusho limeondoka, maana haijaguswa.

Katibu, kosa kubwa liko hapa. Ibara ya zamani inamzuia asiyetimiza miezi 3. Haisemi popote kwamba aliyetimiza lazima apewe. Ulipoondoa "hatapewa... isipokuwa" na kuweka "akishaweka... anapewa", kizuizi kimegeuka ahadi. Ndiyo maana mama ana haki ya kukudai.

Halafu "zaidi ya". Aliyetimiza miezi 3 kamili leo, katiba ya zamani inamruhusu, yako inamwambia bado. Na siku 30 si mwezi. Aliyepokea fedha Januari 31, Februari ikiwa na siku 28, siku yake ya 30 ni Machi 2. Kwa maneno yako watu watamwambia mwisho ni Februari 28. Kama mna faini ya kuchelewa, atalipa faini isiyo yake.

Mimi hufanya hivi. Kwenye nakala ya zamani nazungushia kalamu kila namba, kila tarehe na kila kanusho. Kwa kila duara natunga watu watatu: aliyepungukiwa kidogo, aliyefika sawasawa, na aliyezidisha kidogo. Kisha namtafuta mtu ambaye hajaiona nakala ya zamani, namsomea mpya tu, namuuliza: huyu anaruhusiwa? Ni lazima apewe? Majibu yake nayalinganisha na nakala ya zamani. Yakipishana kwa mtu mmoja tu, naiandika sentensi upya.

Mama_Genge: Mimi liliniponza suala la saa. Barua ya mkutano wa wazazi ilisema 14:00, aliyetutumia ujumbe kwenye simu akaandika "saa 2". Nikafunga genge, nikafika shuleni saa 2 asubuhi. Mkutano ulikuwa saa 8 mchana! Siku nzima ya biashara ikapotea.

Mhariri_Mikataba: Pole sana dada. Saa isiandikwe bila asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kukiwa na neno "mchana" hapo, kosa lingeonekana kabla ujumbe haujatumwa.

Katibu_Wa_Kikundi: Nimejaribu na mdogo wangu kwenye ibara ya akidi. Ya zamani: "Mkutano hautakuwa halali waliohudhuria wakiwa pungufu ya theluthi mbili ya wanachama." Yangu: "Mkutano ni halali wakihudhuria zaidi ya theluthi mbili." Theluthi mbili yetu ni 16. Nikamuuliza, wakija 15? Akasema hapana. 16? Hapana. 17? Ndiyo. Kumbe hao 16 nimewafukuza mimi! Niandike "wasipungue 16"?

Mhariri_Mikataba: Mkifika 30 itakuwa 20, na maandishi yatabaki na 16. Iache "wasipungue theluthi mbili", 16 iwe mfano pembeni.

Katibu_Wa_Kikundi: Sawa mkuu. Ya mkopo nimeandika: "Asiyetimiza miezi 3 ya kuweka akiba haruhusiwi kukopa. Aliyetimiza anaweza kuomba. Mkopo urudishwe ndani ya siku 30 tangu siku ya kupokea fedha." Mdogo wangu amejibu yote sawa, ila ameniuliza: siku ya kupokea fedha nayo inahesabiwa?

Kalamu_Nyekundu: Inahesabiwa. "Tangu siku ya kupokea" maana yake siku hiyo ni ya kwanza.

Mhariri_Mikataba: Wengine huanza kuhesabu kesho yake, ndivyo nilivyopata Machi 2. Ukihesabu kama Kalamu, ni Machi 1. Nakala ya zamani yenyewe haijasema, kwa hiyo katibu usiamue kwa kalamu yako. Lipeleke mkutanoni.

Katibu_Wa_Kikundi: Tunakutana Jumapili saa 9 alasiri. Nitaleta majibu.