Kibanda cha mobaili mani: kwa malori au sokoni?

Hadija: Assalam aleykum ukoo. Nimepata kibanda hapa Busia upande wa Uganda, kwenye maegesho ya malori karibu na kastom, mwenyewe anataka 150,000 kwa mwezi. Nataka kuweka mobaili mani. Mtaji nilionao ni milioni mbili na nusu. Mjomba Idi na wengine mnaoijua hii kazi, inanifaa au nitafute kwingine?

Shangazi Mwajuma: Waleykum salaam mwanangu. Kwani unatuma pesa kwa nani, Mama Rehema si ana laini yake?

Hadija: Hapana shangazi, mimi ndo niwe wakala, watu waje kwangu kuweka na kutoa

Rashidi: Dada hiyo pesa ipo ila serikali inakula, kuna ile tozo ya asilimia 0.5 kwa kila anayetoa, kwa hiyo komisheni yako inakatwa hapo hapo

Mjomba Idi: Rashidi hiyo 0.5 ni ya mteja, inakatwa kwenye hela anayoitoa, wakala haimgusi. Inayomgusa wakala ni ile asilimia 10 wanayokata kwenye komisheni kabla hawajakulipa. Hizo ni mbili tofauti, msizichanganye.
Hadija nikuulize kitu kimoja kwanza, hapo kwenye malori watu wanakuja kufanya nini, kuweka au kutoa?

Hadija: Wengi wanatoa mjomba. Madereva wanatumiwa hela ya njiani na mabosi wao, mtu anatoa laki mbili anaondoka. Ndo nikaona hapo pana pesa, si wa elfu tano tano kama sokoni

Mjomba Idi: Sasa hapo ndo pa kuangalia. Komisheni haipandi sawasawa na hela, inaenda kwa madaraja, anayetoa laki mbili hakupi mara kumi ya anayetoa elfu ishirini. Mimi hapa Tororo kwenye stetimenti yangu mtu wa laki mbili inanibakia kama 900, na hawa wadogo wa elfu ishirini thelathini, changanya wanaoweka na wanaotoa, inaangukia kama 300 kila mmoja. Za kwako utaziona kwenye jedwali watakalokupa, lakini umbo lake ni hilo hilo.
Haya chukua keshi milioni moja na nusu uweke kwenye droo. Madereva saba wa laki mbili wameimaliza. Umepata 6,300. Keshi hiyo hiyo ikiwahudumia watu wa elfu thelathini ni watu hamsini, hiyo ni 15,000.

Hadija: Eh. Lakini keshi ikiisha si hela iko kwenye simu, haijapotea

Mjomba Idi: Haijapotea, ila imelala. Saa nne asubuhi una milioni mbili na zaidi kwenye simu, droo haina kitu, dereva wa nane anafika unamwambia hakuna keshi, anaenda kwa jirani na kesho anaanzia huko huko. Wewe unafunga kibanda unapanda boda mpaka benki unapanga foleni na mzigo wa hela unarudi nao peke yako barabarani. Na Jumapili je? Malori hayajui Jumapili

Rashidi: Si agawe tu, mtu wa laki mbili amfanyie elfu hamsini mara nne komisheni inaongezeka, wapo wanaofanya hivyo

Mjomba Idi: Wapo, na wapo waliofungiwa laini. Mitandao inakataza na inaona, ile ile namba mara nne ndani ya dakika tano, komisheni inarudishwa au laini inasimamishwa na floti yako, ile hela ya kwenye simu, imo ndani. Halafu mteja anayetoa anakatwa ada mara nne, unadhani hatasoma meseji zake? Hadija usiguse hiyo kitu

Mama Rehema: Mimi niko sokoni hapa Busia na cherehani yangu, naongea ninachokiona. Mawakala wa huku asubuhi wanatoa hela, watu wananunua nyanya na samaki, jioni wale wale wauza nyanya wanakuja kuweka walichouza. Hela inazunguka hapo hapo. Ila tayari wapo watano kwenye mstari wangu Hadija, nisikudanganye

Mjomba Idi: Mama Rehema umemaliza kazi. Hiyo ndo sehemu ninayoitaka mimi, keshi inayotoka asubuhi inarudi jioni na benki unaenda mara moja moja. Kodi ya hapo ngapi?

Mama Rehema: Vile vidogo vya mabati ni 60,000

Mjomba Idi: Tuhesabu basi. Malori: tuseme anaenda benki mara moja kwa siku, madereva 14, ni 12,600. Siku 26 inakuja 327,600, toa asilimia 10 inabaki kama 295,000, toa kodi inabaki 145,000, toa boda ya benki kwenda na kurudi 4,000 kila siku, mkononi elfu arobaini.
Sokoni tuseme kwa sababu wapo watano anapata watu 35 tu. 10,500 kwa siku, mwezi 273,000, ikikatwa 245,700, toa kodi imebaki kama 185,000. Na hapo sijahesabu leseni ya manispaa, hiyo iko kote kote.

Hadija: Mjomba mimi niliona laki mbili laki mbili nikajua ndo hela 😳

Shangazi Mwajuma: Na muda wa maongezi je? Mimi nilikuwa nauza vocha za kukwangua pale stendi zilinisomeshea watoto

Mjomba Idi: Shangazi zama zile zilikuwa nzuri. Siku hizi mtu anajinunulia mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Auze, kwa kuwa mteja yuko mbele yake, ila asiweke kodi kwenye hesabu hiyo.
Hadija kitu kingine, sokoni watataka MTN na watataka Airtel, kwa hiyo hiyo mbili na nusu inagawanyika vyungu vitatu. Mimi ningeanza keshi milioni, MTN milioni, Airtel laki tano, halafu wiki ya kwanza naandika kila ninayemrudisha: alitaka mtandao gani, kuweka au kutoa, kiasi gani. Daftari hilo litakwambia chungu kipi kidogo.

Rashidi: Mimi bado nasema malori, ukipata mtu wa kukuletea keshi pale pale hesabu inageuka. Wenye maduka ya jumla wana keshi kibao jioni, wanaogopa kulala nayo

Mjomba Idi: Hapo Rashidi una neno. Akipata mwenye duka wa kubadilishana naye floti kwa keshi mara tatu kwa siku bila boda, malori yanalishinda soko. Lakini awe mtu wa kila siku, siyo wa leo yupo kesho hayupo. Na kumbuka Busia madereva wengi ni wa upande wa Kenya, wana laini za huko, hao si wateja wako hata wakijaa barabara nzima

Hadija: Hilo la laini sikuliwaza kabisa. Sasa nitajuaje watu 35 au 14 kabla sijalipa kodi?

Mama Rehema: Njoo ukae kwangu siku ya soko na siku ya kawaida, unawaona mawakala wawili wazi kabisa kutoka kwenye cherehani. Hesabu wanaohudumiwa na wanaorudishwa

Mjomba Idi: Wanaorudishwa hasa. Kama hakuna anayerudishwa, wale watano wanatosha na wewe utagawana nao tu. Na kwa malori fanya hivyo hivyo, uende na jioni

Hadija: Mwenye kibanda cha malori anataka jibu Ijumaa na kodi ya miezi mitatu mbele

Mjomba Idi: Laki nne na nusu? Hiyo inatoka kwenye mtaji, unabaki na milioni mbili na kidogo kabla hujafungua mlango. Mwambie mwezi mmoja. Akikataa, mwache

Shangazi Mwajuma: Mimi naweza kumwongezea laki tatu ila nirudishiwe kabla ya Idi

Rashidi: Kabla ya Idi gani shangazi, ya mfungo au ya kuchinja?